Nimewasha "Lossless" mwezi mzima na sisikii tofauti. Ni iafoni, ni masikio, au naliwa bando bure?

kijana_wa_mkomani
Assalaam aleikum wadau. Nna swali na naomba msinicheke. Mwezi uliopita nimelipia apu moja ya muziki, kuingia kwenye setingi nikaona pahali pameandikwa Lossless, nikapawasha, kwa sababu binamu yangu wa Malindi alinambia ni muziki usiopunguzwa kitu na ukishaskiza hiyo hurudi nyuma tena, ati utaskia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi. Sasa hii wiki ya nne. Kila usiku nikimaliza kazi napanda darini kuna upepo na kumetulia, nawasha, nazima, nafunga macho, nawasha tena, wimbo ni ule ule. Kitu pekee kilichobadilika ni bando, GB 1 iliyokuwa ikinipeleka siku tatu sasa hata siku moja haimalizi. Iafoni zangu ni za kawaida, zile za blutuu za kutia sikioni, nilizinunua Usita wa Mui shilingi mia tisa. Je ni iafoni ndio mbovu, au masikio yangu, au hakuna kitu hapo?

SautiKali_Malindi
Haya mimi ndiye huyo binamu 😂 na maneno yangu ni yale yale. Iafoni za mia tisa hata ukizipa losles ya peponi haziwezi, ni kama kutia petroli ya ndege kwenye bodaboda. Mimi nna hedifoni kubwa za kufunika sikio, nilitoa elfu kumi na nne, na tofauti naiskia KILA siku. Nikizima losles sauti inakuwa imefifia kama mtu ameitupia blanketi. Nunua vitu vya maana ndio uje tuongee.

Mwanasha_wa_Matondoni
Samahani naingilia, mimi yangu upande wa kulia hautoi sauti vizuri, yani inatoka lakini mbali mbali kama mtu anaongea chumba cha pili. Hii losles itarudisha au ni lazima ninunue nyingine? Ni za waya.

Fundi_Redio_Langoni
Waaleikum salaam kijana. Swali lako zuri na hakuna wa kukucheka, lakini kabla ya masikio tuanze na blutuu.

Sauti ya CD ikiwa nzima ni karibu 1411 kbps, yani kilobiti kwa kila sekunde. Hiyo apu yako inaikunja kwa FLAC au mfano wake, bila kutupa kitu, inashuka mara nyingi mpaka baina ya 700 na 1000, inafika kwenye simu, simu inaikunjua na inapata kila kitu kama kilivyokuwa. Mpaka hapo umepata ulichokilipia. Sasa simu inataka kuirusha hewani mpaka kwenye iafoni, na blutuu ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hivo simu inakaa chini inaibana upya, na safari hii inatupa, kwa njia za kubana za blutuu, SBC ambayo kwa kawaida mwisho wake ni kama 328, au AAC ambayo mara nyingi ni kama 256. Yani umeleta samaki mzima kutoka Kiwayuu ndani ya barafu, umefika forodhani ukamkatakata ndio aingie mfukoni. Apple wenyewe kwenye ukurasa wao wa msaada wameandika wazi kwamba blutuu si losles.

Ukitaka kujua simu yako inatumia gani na ni Android, fungua `Developer options`, shuka mpaka `Bluetooth Audio Codec`, wakati muziki unapiga. Tuandikie inasema nini.

Mwanasha, yako ni jambo jengine mwanangu. Losles haihusiki kabisa. Tazama kile kiwavu kidogo mdomoni mwa iafoni, kikiwa na nta ya sikio sauti inafifia hivo hivo upande mmoja. Toa mpira, elekeza mdomo chini ndio uchafu usiingie ndani, sugua kwa mswaki mkavu laini. Usitie maji wala spiriti.

kijana_wa_mkomani
Imeandika SBC. Basi mwezi mzima nimekuwa nikilipa bando ya samaki mzima nikila vipande 🤦

SautiKali_Malindi
Sawa kwa blutuu nakubali, lakini zangu zina LDAC, njia nyengine ya kubana ya blutuu, ambayo ni 990. Hiyo nayo unasemaje Fundi?

Fundi_Redio_Langoni
LDAC ni nzuri, lakini 990 ndio kilele chake. Simu ikiwa mfukoni na mwili wako uko katikati inashuka 660 au 330 yenyewe bila kukuambia. Na hata kwenye 990 bado inatupa kitu, ni kidogo tu. Lakini wewe una swali kubwa zaidi la kujibu kuliko hilo. Ukizima losles, apu yako inakwenda kwenye kiwango gani? Usinambie "ya kawaida", fungua setingi usome.

SautiKali_Malindi
Ngoja... Kwenye waifai imeandikwa Very high. Kwenye data ya simu imeandikwa Automatic.

Fundi_Redio_Langoni
Na wewe unaskiza wapi sanasana?

SautiKali_Malindi
Kwenye matatu kwenda kazini. Data.

Fundi_Redio_Langoni
Haya ndio hiyo blanketi yako. Ukiiachia apu ijiamulie na mtandao ukilegea huko njiani, inashuka mpaka viwango vya chini ambavyo mtu yeyote anaskia, hata kwa iafoni za bure za kwenye ndege. Kwa hivo masikio yako hayakudanganyi bwana, unachokiskia ni kweli, ila unalinganisha losles na kitu kibovu halafu unaenda kumwambia binamu yako kwamba losles inashinda MP3 nzuri ya 320, na hizo ni habari mbili. Na jengine, hakikisha ile setingi ya kusawazisha volyumu iko sawa pande zote mbili. Kimoja kikizidi sauti hata kidogo sana, sikio halisemi "hiki kina sauti zaidi", linasema "hiki ni kizuri zaidi". Nimeona watu wakigombana barazani kwa sababu ya hilo tu.

Nahodha_Shela
Nyinyi vijana mna raha. Mimi miaka ishirini na mitano niko nyuma ya mashine ya boti, Shela Lamu, Lamu Manda, Lamu Mokowe, yeo hata simu ikilia mfukoni nasubiri itikisike ndio nijue. Hiyo losles yaniambia nini mimi.

kijana_wa_mkomani
Ami Nahodha 😂 shikamoo. Fundi, basi tufanye mtihani wa kweli. Nije dukani kwako na iafoni ya waya, unipe kitu kile kile kwa namna mbili bila mimi kujua ipi ni ipi.

Fundi_Redio_Langoni
Njoo baada ya isha, mchana punda na mashine za boti hazituwachi. Na wewe Nahodha njoo pia, sikutanii, nataka masikio yako. SautiKali nitakutumia faili kwa barua pepe ufanye huko na hedifoni zako, kwa WAYA.

Nna rekodi ya matari niliyoichukua mwenyewe kwenye mazoezi, WAV ya 44.1 na biti 16, haijapita apu yoyote. Nimeitolea MP3 mbili kwa programu ya lame hivi:

```
lame -b 128 matari.wav matari128.mp3
lame -b 320 matari.wav matari320.mp3
```

Faili zote tatu zinaingia kwenye programu ya foobar2000 yenye kile kijisehemu cha ABX Comparator. Kinakupa A na B unazozijua, halafu X ambayo hujui ni ipi, unaskiza kadri unavyotaka, unasema ni A au ni B, mara 16. Mtu anayebahatisha tu atapata kama 8. Kupata 12 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 4 katika mia, kwa hivo nitasema umeskia kweli ukifika 12. Tunakubaliana kabla ya kuanza, sio baada ya matokeo mtu aanze kunambia 10 ni nyingi.

SautiKali_Malindi
Nimepokea. Jiandaeni kuaibika.

Bint_Taarabu
Mbona matari? Si mngechukua wimbo wa udi na mwimbaji, ndio kitu watu wanaskiza.

Fundi_Redio_Langoni
Kwa sababu nataka kumtega MP3, bint. Yeye hakati sauti mfululizo kama maji ya bomba, anaikata vipande vipande, kipande kimoja ni kama milisekunde 26. Akipunguza biti anaacha uchafu kidogo ndani ya kipande, na uchafu huo unaenea kipande kizima. Kwa udi au sauti ya mtu inayovutwa haina neno, sauti kubwa inafunika uchafu. Lakini tari ni kimya, halafu PAA. Uchafu unaanza kuskika kabla ya kofi lenyewe, kama mtu anasema "sh" kidogo mno kisha kofi linafuata. Programu inayotengeneza MP3 ina hila ya kukata vipande vifupi pahali kama hapo, ila kwenye 128 haina biti za kutosha. Makofi ya watu na njuga za tari ni hivo hivo, zinavunjika zinakuwa kama mchanga unachekechwa.

---

kijana_wa_mkomani
Haya nimerudi, nipo nyumbani saa sita usiku na sijalala kwa furaha.

Iafoni niliyotumia ni ya waya, nimenunua njiani shilingi mia nne, na hapo hapo Fundi akanigombeza kwa sababu nilikuwa nimeibandika tu sikioni imelegea. Akanibadilishia mpira nikatia mkubwa, akanivutia sikio juu ndio ikaingia, WALLAHI besi ilitoka ambayo mwezi mzima sijaiskia. Tofauti ya mpira peke yake ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote kilichofuata usiku huo.

Tukaanza na 128 dhidi ya WAV. Mara ya kwanza nilipata 9. Nikamwambia umeona, hakuna kitu. Akanambia usiskize wimbo, chukua sekunde mbili tu, lile kofi la kwanza baada ya ule ukimya, lirudierudie. Nikarudierudia kama mara thelathini mpaka nikalipata, ile "sh" yake. Ukishaiskia huwezi kuiacha tena! Nikaanza upya, nikapata 14 kati ya 16. Kwa iafoni ya mia nne!

Halafu 320. Kofi lile lile, sekunde zile zile. Hapo nlikuwa nabahatisha tu na najijua nabahatisha. 7.

Ami Nahodha alipata 6 kwenye 128 na akakataa kufanya ile ya 320, alisema anataka chai.

Nahodha_Shela
Nilisema nataka chai kwa sababu ilikuwa yanukia. Lakini kweli, ile sh wanayoisema mimi sikuiskia hata mara moja. Besi na sauti ya mwimbaji naskia vizuri, ile nyembamba ya juu ndio hakuna.

Fundi_Redio_Langoni
Masikio ya mashine huanza kupotea hapo juu, karibu na 4 kHz kabla ya kwengine, nawe huwezi kujua kwa sababu maneno ya watu bado yanaeleweka. Nahodha, vaa vile viziba masikio ukiwa kwenye boti, bado kuna ya kuokoa.

SautiKali yuko wapi?

SautiKali_Malindi
Nipo. 128 nimepata 15. Kama nilivyosema, hedifoni nzuri.

kijana_wa_mkomani
Na 320?

SautiKali_Malindi
320 nimepata 9. LAKINI skizeni kwanza. Mtihani huu si wa haki, unarudia sekunde mbili mara mia mpaka kichwa kinauma, hakuna mtu anaskiza muziki hivo. Mimi losles naiskia kwa kukaa nayo, albamu nzima, baada ya saa moja sichoki. Na MP3 inanichosha. Hiyo ABX yako haipimi uchovu.

Fundi_Redio_Langoni
Hapo una haki kidogo na mimi sitakunyima. Kupata 9 hakuthibitishi kwamba hakuna tofauti, kunaonesha tu kwamba wewe, na rekodi hii, na usiku huu, hukuipata. Kuna watu waliojifunza kutafuta kasoro hizi, na wengine wanaipata 320 kwenye vipande maalum vilivyochaguliwa kuitega. Mimi mwenyewe 320 nimeipata mara moja tu, kwenye rekodi ya vijiti vikavu vikigongana, 13, na kesho yake nikarudia nikapata 10.

Kuhusu uchovu, njia ya kuupima ipo. Mtu akuwekee albamu kwenye simu, wiki moja losles, wiki moja 320, usijue ipi ni ipi, uandike kila siku umechoka au hukuchoka. Ukifanya nitaamini. Mpaka hapo hiyo ni hisia tu, na siku unayoihisi unajua tayari umewasha nini.

SautiKali_Malindi
Mke wangu atanitengenezea. Tutaonana baada ya wiki mbili.

mtu_wa_kipungani
Mi bado sijaelewa kitu. Kama iafoni ya mia nne imeskia 128 sawa na hedifoni ya elfu kumi na nne, basi bei yote ile ni ya nini?

Fundi_Redio_Langoni
Ni ya sauti nzuri, sio ya kukamata MP3. Iafoni ya bei rahisi inaweza kuzidisha besi, kuficha sauti ya mwanamke, kuchoma masikio kwa juu, na hizo ni tofauti kubwa sana, ni mara nyingi kupita tofauti ya 320 na losles. Lakini "sh" ya MP3 mbovu iko kwenye sauti za kati na za juu ambazo spika yoyote ndogo inazitoa. Na kuna kitu watu hawakitarajii, MP3 inatupa vitu kwa hesabu kwamba sauti kubwa jirani itavifunika. Iafoni mbovu ikiipunguza hiyo sauti kubwa, kifuniko kimeondoka, uchafu unabaki uchi. Kwa hivo pengine iafoni ya bei rahisi ndio itakufichulia zaidi. Sikusema kila mara, nasema pengine.

Bint_Taarabu
Mimi nna kanda za marehemu baba, taarabu za harusi za hapa Lamu, kama arubaini hivi. Kijana mmoja aliniingizia kwenye kompyuta na akanipa MP3 za 128 kwa sababu "hutaskia tofauti". Kwa maneno yenu basi yuko sawa? Kanda zenyewe zina vumbi la sauti tupu.

Fundi_Redio_Langoni
Hayuko sawa, na wewe ndio mwenye sababu ya kweli ya losles kuliko sisi sote hapa. Hizo hutaziskiza tu. Kesho utataka mtu azisafishe huo mvumo, akate, azihifadhi upya, na kila ukibana MP3 juu ya MP3 uchafu wa kwanza unabaki na wa pili unaongezeka. Mvumo wa kanda nao unaimalizia MP3 biti zake kwa sababu hauna mpangilio wowote wa kukisiwa. Kama kanda bado ziko nzima zirudie, WAV kisha FLAC. Saa moja ya sauti kwenye FLAC ni kama MB 300 au 400, kanda zako zote zinaingia kwenye diski ndogo.

Na usikubali mtu akuletee FLAC iliyotoka kwenye hizo hizo 128. Faili litakuwa kubwa, jina litakuwa FLAC, ndani ni MP3. Lifungue na programu ya Spek, inakuchorea sauti yote kwa rangi. Kanda ya kweli rangi zinafifia juu polepole kama jua linazama. Iliyopita 128 imekatwa karibu na 16 kHz kwa msitari ulionyooka, kama ukuta.

Bint_Taarabu
Nimefungua moja sasa hivi. Ni ukuta. Zote ni ukuta kwa sababu ndio zile zile. Kanda ziko kabatini, namshukuru Mungu sikuzitupa, maana aliniambia nizitupe.

kijana_wa_mkomani
Pole dada. Mimi nimeshaamua, nimezima Lossless kwenye data, nimeweka 320 na nikaifunga hapo hapo isijishushe yenyewe. Nimepiga hesabu, wimbo wa dakika nne kwa 320 ni kama MB 9.6, kwa losles ni kama 27. Yani kwa GB 1 napata nyimbo mia na kitu badala ya thelathini na kitu. Nyumbani kwenye waifai ya kaka yangu nimeiacha imewashwa, yeye ndiye analipa 😁

SautiKali_Malindi
Yani binamu yangu mwenyewe.

Mwanasha_wa_Matondoni
Fundi Mungu akuzidishie. Nimesugua na mswaki wa mtoto, limetoka donge la nta sijui nilikuwa naishi nalo vipi, upande wa kulia umerudi mpaka nimeruka. Sasa hiyo Lossless nibonyeze wapi?

Nahodha_Shela
Usiibonyeze mwanangu, njoo unywe chai.